Mtunzi anawezaje kushtakiwa kwa kuiga wimbo wake mwenyewe?

Swali: Mimi ni mpiga gitaa. Nimesikia kwamba John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival alishtakiwa kwa kuiga wimbo alioutunga mwenyewe. Bendi maarufu namna ile iliupotezaje umiliki wa nyimbo zake?

Jibu: Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili, yaani haki ya utunzi, ambayo ni maneno na muziki wenyewe, na haki ya rekodi, ambayo ni ile sauti iliyonaswa studio, watu wa kazi hii wakiiita masta. Bendi nyingi za miaka ya 1960 zilipoteza zote mbili kwa saini moja, kwa kuwa kampuni iliyolipia studio ilijiandikia masta, na mara nyingi ilimtaka mtunzi akabidhi na hakimiliki ya tungo zake. Mtunzi alibaki na mrabaha, lakini kudai malipo si sawa na kumiliki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kati ya Creedence na kampuni ya Fantasy ya Kalifonia. Kifungo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa idadi ya rekodi walizodaiwa, kwa sababu bendi ilipovunjika mwaka 1972 deni hilo liliendelea kumwandama Fogerty, naye ili afunguliwe alikubali kuuacha hata mrabaha aliostahili kama msanii.

Mwishoni mwa mwaka 1984 alitoa wimbo mpya kwa kampuni nyingine. Fantasy ilidai kwamba unafanana mno na wimbo wake wa mwaka 1970, na kwa kuwa hakimiliki ya ule wa zamani ilikuwa mikononi mwao, mbele ya sheria Fogerty alikuwa mtu baki aliyechukua mali ya wengine. Aliingia mahakamani na gitaa lake kuonyesha jinsi anavyotunga, na mwaka 1988 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba hakuiga, maana mtindo wa mtu haumilikiwi na yeyote. Ubishi juu ya gharama za mawakili ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1994 iliamua kwamba mshtakiwa aliyeshinda apimwe kwa kigezo kilekile cha mdai aliyeshinda.

Ipo njia ya kurudi, ingawa ni ndefu. Sheria ya Marekani humruhusu mtunzi wa nyimbo zilizosajiliwa kabla ya mwaka 1978 kudai hakimiliki yake baada ya miaka 56, akitoa notisi ya maandishi mapema, lakini haki hiyo inaishia ndani ya Marekani tu. Fogerty alinunua sehemu kubwa ya haki za tungo zake duniani kote mwaka 2023 kutoka kampuni ya Concord, iliyokuwa imeinunua Fantasy mwaka 2004 na kumrudishia mrabaha. Masta zilibaki kwa Concord.