Mita 20 zinahesabiwa kuanzia wapi?

"Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi mapokezi katika loji moja huku Nakuru, karibu na mbuga ya ziwa. Meneja amenipa kanuni za wageni wanaokwenda kutazama wanyama, nizitoe kwenye Kiingereza, maana siku hizi tunapokea familia na wanafunzi wengi wa humu nchini. Nimeandika hivi: 'Usikaribie wanyama zaidi ya mita 20. Usipige kelele. Kulisha wanyama hairuhusiwi.' Dereva wetu mmoja amesoma akasema sentensi ya kwanza itamfikisha mtu mdomoni mwa simba. Mimi sioni kosa. Nani kati yetu ana haki?"

Marahaba. Dereva ana haki, ingawa sentensi yenyewe haina kosa la sarufi. Tatizo ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Kukaribia ni kitenzi cha mwendo. Ukikifuatishia kipimo, masikio ya Mswahili huchukua kwamba unaupima ule mwendo, wala si nafasi inayobaki. Mama akimwambia mtoto "usisogee zaidi ya hatua mbili," mtoto anahesabu hatua zake kuanzia pale aliposimama.

Sasa ipeleke sentensi hiyo mbugani. Kifaru anakula nyasi kando ya migunga, na gari limesimama mita 30 kutoka alipo. Mgeni aliyesoma kanuni yenu asubuhi anamwambia dereva, "Twende mbele kidogo, si tunaruhusiwa mita 20?" Gari likisogea mita 20 hizo, zimebaki 10. Mgeni huyo hajakaidi chochote, amefuata Kiswahili alichopewa. Wako watakaokuelewa ulivyokusudia, hilo sikatai, lakini aliye na simu mkononi na hamu ya picha ataishika ile maana inayompeleka karibu.

Wengi wakishaambiwa hivyo hukimbilia sentensi ambayo ni mbaya zaidi: "Kaa umbali usiozidi mita 20." Hii sasa inamwamuru mgeni aingie ndani ya mita 20 na asitoke. Nimeshaiona imeandikwa kwa herufi kubwa na rangi nzuri, na nadhani najua inakotoka. Kanuni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, zina kipimo cha umbali, mita 20, na zina kipimo cha mwendo wa gari, kilomita 40 kwa saa. Kwenye mwendo, "usiozidi" ndilo neno lenyewe, kwa kuwa 40 ni dari: chini yake sawa, juu yake kosa. Mfasiri akishaandika "mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa," mkono unazoea, na akifika kwenye umbali anaandika "usiozidi" tena. Lakini mita 20 ni sakafu. Unaruhusiwa kuwa juu yake kadiri utakavyo, mita 50 au 100, ila usishuke. Kitenzi cha sakafu ni kupungua: "umbali usiopungua mita 20."

Utaniuliza, kwa nini nisiandike "angalau mita 20"? Waweza, na hutakuwa umekosea. Mimi siipendi kwenye kanuni kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku "angalau" lina harufu ya kuridhika na kidogo. Mtu husema "angalau tumepata chai" akimaanisha kwamba alitarajia zaidi, ila hiyo nayo inatosha. Msomaji wa haraka anaweza kusikia kwamba mita 20 ni jambo la kujitahidi tu, likikosekana basi. "Usiopungua" halina huruma hiyo.

Halafu taja pande mbili za kipimo. Umbali kutoka wapi hadi wapi? Kwa kuwa wageni wenu wanakaa ndani ya gari, lifanye gari liwe mtendaji: "Gari libaki umbali usiopungua mita 20 kutoka kwa mnyama." Hapo hakuna mwanya wa kuhesabu mwendo, na dereva naye anapata sentensi ya kumwonyesha mgeni anayembembeleza asogee. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna mita kichwani, ongeza picha inayojulikana Nakuru nzima: matatu nne za abiria 14 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Hizo ni kama mita 20, na hata mtoto wa darasa la nne anaziona.

Kabla hujabandika, fanya jaribio moja. Mpe karatasi mtu ambaye hajauona mjadala huu, mpishi au askari wa langoni, kisha umuulize maswali mawili: "Gari likiwa mita 15 kutoka kwa nyati, kanuni imevunjwa? Likiwa mita 25 je?" Majibu yakiwa ndiyo, kisha hapana, bila kusita, sentensi imekaa. Akikuuliza "mita 15 kutoka wapi?" rudi mezani.

Kuhusu kelele, neno ulilotumia ni sahihi ila linamwachia mgeni mlango wazi. Kelele kwa Kiswahili ni hukumu ya anayesikia. Anayezitoa kwa kawaida huona anaongea tu. Mwambie kundi la vijana wasipige kelele, watakujibu kwa moyo safi kwamba hawakupiga, walikuwa wanacheka. Isitoshe, ziko sauti ambazo hakuna anayeziita kelele na ndizo zinazomshtua mnyama. Siku moja tulisimama kumtazama kifaru, gari zima kimya, watu wanapumua polepole. Mzee mmoja akataka kuona vizuri, akauvuta mlango wa pembeni wa gari. Hakusema neno. Ule mlango ulipokwaruza kwenye reli yake, kifaru aliinua kichwa, masikio yakageuka upande wetu, moja kwanza na la pili likafuata, kisha akaanza kutembea kuelekea tulipo. Kifaru haoni vizuri mambo ya mbali, lakini masikio na pua yake ni vikali. Dereva alirudi nyuma taratibu, tukaondoka. Mzee yule alikuwa ameisoma kanuni ya kutopiga kelele na aliitii kabisa.

Kwa hiyo taja matendo: "Ongea kwa sauti ya chini. Redio na muziki wa simu uzimwe. Usipige honi wala mluzi, usigonge gari, usifungue mlango." Na jihadhari na "nyamaza." Kwa Kiingereza ombi la utulivu ni jambo la kawaida, lakini kwetu "nyamaza" huambiwa mtoto anayelia au mtu anayegombezwa, na mgeni mwenye mvi hataipokea vizuri. "Tulia" inatosha.

Kwenye kulisha ndiko ningekaa nawe muda mrefu zaidi, kwa sababu neno hili lina maana mbili zinazokinzana na nia yako. Kwanza, mama humlisha mtoto: chakula kinatoka mkononi kinaingia mdomoni. Anayerusha ganda la ndizi dirishani atakwambia hakumlisha nyani, alitupa taka. Pili, mchungaji hulisha ng'ombe, yaani huwapeleka malishoni. Katika eneo kama lenu, lenye wafugaji na mashamba hadi kwenye ua wa mbuga, "kulisha wanyama hairuhusiwi" inaweza kusomwa kama onyo kwa wenye mifugo, na mgeni kutoka mjini akaona halimhusu.

Kiswahili kimekupa njia nyepesi ya kuliziba pengo hili, nayo ni kauli ya kutendea. Kutupa ni tendo la mtu na taka yake. Kutupia kunamleta mnyama ndani ya tendo. Kuacha ni kusahau. Kuachia ni kumwekea mwingine. Basi andika: "Usimpe, usimtupie wala usimwachie mnyama yeyote chakula, maganda au mabaki." Vitenzi vitatu vinafunga njia tatu: ya mkono, ya dirisha na ya meza ya nje mliyoinuka mkaiacha na vipande vya mkate. "Maganda au mabaki" viwepo kwa sababu kwa wengi wetu ganda la ndizi si chakula, lakini kwa nyani ni chakula kamili.

Na mtaje nyani pamoja na tumbili. Huku kwetu watu wengi huita kila chenye mkia kinachopanda mti "nyani." Ukiandika nyani peke yake, anayejua tofauti atampa tumbili biskuti. Nyani ni yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, tumbili ni yule mdogo wa kijivu mwenye uso mweusi, na wote wawili hujifunza haraka mkono wa mtu una nini. Nyani akishazoea kupewa haombi tena, huja kunyang'anya, na anayeumwa huwa mtoto aliyeshika mkate.

Tukiwa hapo, sarufi kidogo. Jina la kitenzi likitangulia, upatanisho ni wa ku-: "Kulisha wanyama hakuruhusiwi." "Hairuhusiwi kulisha," kwa mpangilio huo, imezoeleka na sina ugomvi nayo. Ila nakushauri uache yote mawili utumie "usi-", kwa sababu linamkabili msomaji mwenyewe. Likishaanza, lishikilie hadi mwisho. Usije ukachanganya "usipige" na "msifungue" kwenye karatasi moja. Neno tafadhali liweke mara moja tu, juu kabisa. Ukilirudia mbele ya kila katazo, kanuni inageuka ombi, na ombi mtu anaweza kulikataa.

Kichwa cha karatasi kisiwe "Kanuni za Maadili," kwani maadili ni habari ya wema na ubaya wa mtu. "Utaratibu wa Kutazama Wanyamapori" unatosha. Yote pamoja yangesomeka hivi:

"Mgeni wetu, tafadhali fuata utaratibu huu. Gari libaki umbali usiopungua mita 20 kutoka kwa mnyama, sawa na matatu nne zilizofuatana. Mnyama akilisogelea gari mwenyewe, tulia ndani. Dereva ndiye atakayeamua kungoja au kuondoka. Ongea kwa sauti ya chini. Redio na muziki wa simu uzimwe. Usipige honi wala mluzi, usigonge gari, usifungue mlango. Usimpe, usimtupie wala usimwachie nyani, tumbili au mnyama mwingine yeyote chakula, maganda au mabaki."

Ile sentensi ya mnyama anayesogea mwenyewe haimo kwenye rasimu yako, nami nimeiongeza kwa sababu mita 20 zinaweza kuvunjwa na upande wa pili. Mwonyeshe dereva kwanza. Kama kwenye gari lenu yeye hufanya vingine mnyama akija, maneno yake ndiyo yaandikwe.