Ukurutu na nguo wakati wa joto: tazama alama zilipo kabla ya kununua kitambaa kingine

*"Mwanangu wa miaka saba ana ukurutu. Tangu joto la Januari lianze anajikuna usiku kucha, ingawa nimemnunulia vesti za pamba tupu mara mbili. Je, tatizo ni kitambaa au nibadilishe sabuni?"*

Dada, nami nilinunua vesti za pamba mara mbili kabla ya kuelewa. Binti yangu alikuwa na umri wa miaka minane, tukiishi Umoja, na kila mwaka kuanzia Januari hadi mvua za Machi shingo na mbavu zake zilikuwa nyekundu. Daktari wa ngozi tuliyemwona hakuanza na dawa. Alinipa karatasi yenye umbo la mtoto, mbele na nyuma, akaniagiza nipake kalamu kila mahali penye upele kwa siku tano. Karatasi hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu kila kosa la nguo huacha alama mahali pake.

Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ilikuwa imejaa wino, lakini hapo ni makao ya ukurutu wenyewe na hapasemi mengi kuhusu nguo. Kilichonishangaza ni mistari miwili iliyoteremka kutoka kwapani hadi kiunoni, sawa kabisa na mishono ya vesti, pamoja na doa la ukubwa wa stempu katikati ya kisogo. Zaidi ya hayo, mgongo na tumbo vilikuwa na vipele vilivyotawanyika bila mpaka, katika sehemu zote zilizofunikwa na nguo, huku mikono na uso vikiwa salama. Mstari humaanisha mshono, doa la kisogoni humaanisha lebo, na upele uliotapakaa kote chini ya nguo ulinifanya nishuku kile kilichokuwa kimebaki ndani ya kitambaa baada ya kufuliwa.

Nianze na hicho cha mwisho, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikubwa kwetu na ndicho watu hukisahau. Chukua vesti moja iliyofuliwa, ikakauka na kukunjwa kabatini. Itie ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina maji safi ya vuguvugu hadi nusu, funga na utikise kwa nguvu. Maji yaliyo safi hutoa viputo vichache vinavyopasuka mara moja. Katika chupa yangu lilipanda povu jeupe la unene wa kidole na likakaa hapo huku maji yakigeuka ukungu, na hii ni nguo niliyoamini kuwa safi. Sabuni hiyo ikiwa kavu inaweza isimsumbue mtoto, lakini jasho likishailowesha, huyeyuka na kurudi kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Ndiyo maana tatizo lile lile hulala Julai na kuamka Januari.

Sababu yake hapa kwetu ni mgao wa maji. Maji yanapokuja siku mbili kwa wiki, mtu husuuza mara moja kwenye beseni kubwa na kuridhika. Hesabu inasema vinginevyo. Tuseme nguo zako zikishakamuliwa hubaki na lita moja ya maji ya sabuni. Ukizisuuza mara moja kwa lita 10, sabuni inayobaki ni sehemu moja kati ya 11. Ukizigawa lita hizo hizo 10 katika misuuzo miwili ya lita tano, ukikamua katikati, hubaki sehemu moja kati ya 36. Ukikamua kwa bidii hata nguo zikabaki na nusu lita tu, misuuzo hiyo miwili huacha sehemu moja kati ya 121, bila kuongeza hata kikombe cha maji. Kwa kweli nyuzi hung'ang'ania sabuni zaidi kidogo kuliko hesabu inavyoonyesha, kwa hiyo mimi huacha nguo zilowe dakika kumi katika msuuzo wa mwisho. Vilevile nilipunguza sabuni ya unga kwa nusu, nikawa naiyeyusha kwanza katika maji ya moto ili chembe zisijifiche kwenye mapindo, na nikaacha kabisa kilainishi chenye manukato, kwa kuwa hicho hutengenezwa makusudi kibaki kwenye nguo. Kubadilisha sabuni pekee hakukunisaidia: sabuni yoyote isiyosuuzwa huwasha.

Baada ya majuma mawili mgongo ulitulia, lakini mistari na lebo vilibaki. Lebo usiikate kwa mkasi, kwa maana ule ukingo unaobaki huwa mgumu na huchoma kuliko lebo nzima. Fumua uzi wake kwa ncha ya wembe mpaka itoke yote, kisha pitisha kidole. Ukihisi kipande cha uzi wa nailoni, king'oe nacho. Kuhusu mishono, ile ya ovaloki ndani ya vesti za bei nafuu huwa kama kamba ndogo ya poliesta. Usiku mvalishe vesti nje ndani, haina gharama wala aibu kitandani. Kwa shati la shule, fundi wetu aliilaza mishono ya ubavuni na kuifunika kwa utepe wa pamba.

Kuhusu kitambaa chenyewe, hakikisha kwamba hiyo "pamba tupu" ni pamba kweli. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo na uzichome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Ukipata vyote viwili, umeuziwa mchanganyiko. Na pamba nayo ina kasoro yake, kwani hunywa jasho vizuri lakini hukauka polepole, na ikishalowa hugandamana na ngozi na kuisugua. Binti yangu hubeba vesti ya pili na kubadilisha saa ya chakula cha mchana. Binafsi napendelea vesti za mitumba za Gikomba, zilizokwisha kufuliwa mara nyingi hata zikalainika na kutoa rangi ya ziada, ila nazo hufuliwa na kusuuzwa kama nilivyoeleza kabla ya kuvaliwa.

Rangi nimeiacha mwisho kwa sababu kwa watoto wengi si chanzo. Inaposumbua, mara nyingi ni katika poliesta ya rangi nzito, hasa buluu iliyokolea na nyeusi, ambazo baadhi ya rangi zake hazishikamani imara na nyuzi na huhamia kwenye ngozi kwa jasho na msuguano. Alama yake ni upele kwenye kingo za kwapa, si katikati ya shimo lake, au ndani ya mapaja ambako sketi husugua. Kusugua nguo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu hukuonyesha rangi inayotoka, lakini kitambaa kikibaki cheupe hakithibitishi usalama, maana mzio huhitaji kiasi kidogo sana. Hilo hupimwa na daktari wa ngozi kwa viraka vinavyobandikwa mgongoni kwa saa 48 na kusomwa tena siku chache baadaye. Ukienda, chukua na ile nguo unayoishuku, kwa sababu kipande chake kinaweza kubandikwa pamoja na vile viraka.