Nasaha ya Mzee Baada ya Nikahi: Wakati Wake na Maneno Yake

Kwetu Mombasa, mzee wa familia huombwa kuwaombea dua maharusi, na kwa miaka kadhaa kazi hiyo imenifikia mimi. Kosa langu la kwanza lilihusu wakati. Walii alikuwa ameshatamka "nimekuoza", nami nikaanza nasaha kabla bwana harusi hajajibu. Sheikh aliniinulia mkono, akamtaka walii ayarudie maneno yake, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata hapa pwani, ijabu na kabuli hazitenganishwi na mazungumzo marefu yasiyohusu akdi. Tangu siku hiyo sifungui mdomo mpaka nimesikia "nimekubali kumuoa kwa mahari yaliyotajwa", na Fatiha ikasomwa.

Jambo la pili ni kujua unasema na nani. Msikitini bibi harusi kwa kawaida hayupo, kwa hiyo dua iliyopokewa kutoka kwa Mtume, "Baarakallahu laka wa baaraka alayka wa jamaa baynakumaa fii khayr", humwelekea bwana harusi peke yake. Tukishafika kwa bibi harusi, na mume akaweka mkono juu ya utosi wa mkewe na kusoma dua yake, hapo nawakabili wote wawili, na maneno hubadilika kuwa "lakumaa" na "alaykumaa". Wazee wengi huisoma ile ya mtu mmoja kila mahali. Dua haiharibiki, lakini napenda bibi harusi naye ajisikie ametajwa.

Kwa mjukuu wa dada yangu nilisema hivi, huku chetezo cha udi kikifuka kando ya kitanda:

"Bismillahi Rahmani Rahim. Wanangu, Mwenyezi Mungu amesema wake zenu ni vazi kwenu, nanyi ni vazi kwao. Vazi husitiri, basi aibu ya mwenzako isivuke kizingiti hiki. Baba, umepewa amana mbele ya mashahidi. Mtunze na umsikilize. Mama, huyu ni mwenzako. Mstahi na umwambie la kweli. Mkikorofishana, njooni kwetu wazee kabla hamjafika kwa jirani. Baarakallahu lakumaa, wa baaraka alaykumaa, wa jamaa baynakumaa fii khayr. Mungu awajaalie mapenzi na huruma, awape kizazi chema, muwe wa kufa na kuzikana."

Watu wakaitikia "Amin", na mwanamke mmoja mlangoni akapiga kigelegele.

Hayo hayazidi dakika mbili, nami sikubali yazidi, kwa sababu bibi harusi amekaa kimya tangu alasiri akiwa na mapambo mazito na umati wa watu chumbani, na joto la Mombasa mnalijua. Kisa cha ndoa yangu mwenyewe sikisimulii hapo. Huwasimulia siku ya saba, nikienda kuwajulia hali, kama wakiniuliza.