Ripoti ya ajali kurasa tano: upunguze nini, ubakize nini

*Kaka, mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Kibarua wetu alinaswa mkono na mkanda wa kupandishia kahawa. Nimeandika ripoti ya kurasa tano, meneja anataka mbili na nusu, na hataki jambo lolote la maana lipotee. Naanzia wapi?*

Poleni sana, na mgonjwa apate nafuu haraka.

Usianze kufuta. Chapisha ripoti yote, shika kalamu, na kila unapokutana na jambo la kweli lipe namba pembeni: saa, mtu, kifaa na hali yake, kilichofanyika, na kile ambacho hakikufanyika. Hicho cha mwisho watu hukiruka. "Kava ya mkanda haikuwepo" ni jambo kubwa kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya jinsi mlivyokimbia. Jambo likijirudia, lipe namba ileile ya mwanzo. Hapo utaona kurasa zimeenda wapi, maana ripoti nyingi za namna hii husimulia tukio lilelile mara tatu: kwa mdomo wako, wa fundi na wa majeruhi.

Sasa tuchukue aya moja ya aina hiyo:

"Siku ya tukio tulifika kazini kama kawaida, mvua ilikuwa inanyesha na wafanyakazi wote walikuwepo isipokuwa mmoja aliyeomba ruhusa. Ilipofika kwenye saa nne na nusu hivi, nikiwa stoo napokea magunia, nilisikia kelele, ndipo nikakimbia nikakuta mkono wa mwenzetu umenaswa na umeme ulikuwa umeshazimwa na fundi, ambaye aliniambia kava ilitolewa jana yake jioni ili kutia grisi."

Ikipunguzwa inakuwa hivi:

"Saa 4:30 hivi asubuhi (10:30) msimamizi, akiwa stoo, alisikia kelele. Alikuta mkono wa kibarua umenaswa kwenye mkanda na fundi ameshazima umeme. Fundi alimwambia kava ilitolewa jioni iliyotangulia ili kutia grisi."

Angalia vilivyobaki. "Hivi" imebaki, kwa sababu saa hiyo ni ya kukisia. "Fundi alimwambia" imebaki, kwa sababu wewe hukuona kava ikitolewa. Ukiandika tu "kava ilitolewa jioni", umegeuza maneno ya mtu mmoja kuwa ukweli uliothibitishwa, na hilo linaweza kumuumiza asiyehusika. Saa nayo nimeiandika kwa namna mbili. Mashahidi husema saa nne na nusu, daftari la mitambo huandika 10:30, na mtu wa makao makuu akiona 4:30 peke yake atadhani ni alfajiri.

Mvua na yule aliyeomba ruhusa nimewatoa, lakini usinifuate kabla ya kujiuliza: jambo hili lingekuwa tofauti, je, sababu ya ajali au hatua ya kuzuia nyingine ingebadilika? Ikiwa aliyekosekana ndiye huwa anasimama pale kwenye mkanda, basi majeruhi alikuwa anafanya kazi ya watu wawili, na sentensi hiyo irudi haraka, ikitaja nafasi yake. Mvua vilevile, kama sakafu ilikuwa imelowa.

Zile simulizi tatu ziweke kwenye jedwali moja la safu tatu: saa, kilichotokea, nani anasema. Hapo ndipo utaokoa nafasi kubwa kuliko popote. Hatari yake ni kulainisha maneno ili yafanane. Majeruhi akisema fundi ndiye aliyewasha mashine, na fundi akisema aliikuta inazunguka, andika yote mawili kwenye mstari mmoja wa jedwali. Usichague. Kupishana kwao ni jambo linalotakiwa kuchunguzwa, na ukilificha uchunguzi utaishia njiani.

Historia ya kiwanda, shukrani kwa waliosaidia na sentensi za masikitiko ziondoe zote. Maoni yako kuhusu uzembe yasichanganywe na matukio; kama yana ushahidi, yapeleke kwenye sehemu ya sababu. Maelezo yaliyosainiwa na mashahidi usiyaguse hata nukta. Yawe viambatisho kama yalivyo.

Ukimaliza, rudi kwenye namba zako. Kila namba itafute kwenye ripoti fupi na uiwekee alama ya vema. Isiyopatikana irudishe, au andika pembeni kwa nini umeitoa. Kisha mpe mtu ambaye hakuwepo siku ile aisome, akueleze nani alizima umeme, kava ilikuwa wapi, na majeruhi alifikishwa hospitali baada ya muda gani. Akibabaika mahali, hapo umekata kupita kiasi.

Ikigoma kushuka chini ya kurasa tatu na namba zote zina kazi, mpelekee meneja hizo tatu pamoja na orodha ya namba, akuonyeshe ipi itoke. Ile ndefu isaini, iwekee tarehe, uihifadhi kwenye faili la tukio.