Nahodha alipopinda kwenda Matondoni: hoteli italipa?

Msomaji anayesoma sheria hapa Malindi ameniletea swali lake la mtihani pamoja na jibu aliloandika, akiuliza kwa nini amepewa alama chache. Jibu lake lilikuwa sentensi mbili: nahodha alikuwa zamu, boti ni ya hoteli, kwa hiyo hoteli inalipa. Makosa ya namna hii yananiuma, kwa sababu anayejibu hivi darasani ndiye atakayemwandikia mvuvi hati ya madai kesho, na anayepoteza ni mvuvi.

Swali lenyewe ni hili. Hoteli moja ya Shela imemwajiri nahodha kwa mshahara wa mwezi. Kazi yake ni kuchukua wageni kwenye gati ya uwanja wa ndege wa Manda na kuwaleta Shela. Ameandikiwa kwamba haruhusiwi kubeba mizigo yake wala watu wa nje. Siku ya tukio amewashusha wageni saa nne asubuhi, na anatakiwa arudi Manda kungojea ndege ya saa sita. Badala yake ametia gunia la unga botini, akapita mji wa Lamu, akazunguka kaskazini kuelekea Matondoni kumpelekea mama mkwe. Karibu na Matondoni, kwa mwendo wa kasi huku akizungumza kwa simu, akaigonga dau ndogo. Mvuvi amevunjika mkono na nyavu zimepotea. Je, hoteli itabeba kosa hilo?

Kuna maswali mawili ya kupita haraka kabla ya lile zito. Kwanza, je, nahodha mwenyewe ametenda kosa? Ndiyo: kasi na simu mahali penye wavuvi ni uzembe, na bila kosa lake hakuna kitu cha kumbebesha mwajiri. Pili, je, ni mfanyakazi au ni mtu aliyejiajiri? Huyu ana mshahara, boti na mafuta ni ya hoteli, na hoteli ndiyo inayompangia safari. Ni mfanyakazi. Angekuwa mwenye boti yake, anayejinunulia mafuta na kulipwa kwa kila safari, huku akichukua wateja wa hoteli nyingine pia, kwa kawaida hoteli isingewajibika na kesi ingeishia hapo.

Zito ni la tatu: je, alipogonga alikuwa akiifanya kazi ya mwajiri, hata kama vibaya, au alikuwa ameanza shughuli yake binafsi? Watu wengi hulijibu swali hili kwa kutazama saa. Saa haitoshi. Mtu anaweza kuwa ndani ya zamu na akawa ameiacha kazi, na anaweza kugonga mtu baada ya zamu kwisha huku akiirudisha boti ya tajiri na bado akawa kazini.

Wengine hukimbilia lile katazo na kusema hoteli ilimkataza, basi imejitoa. Hilo nalo si sahihi. Katazo linalohusu namna ya kufanya kazi halimwokoi mwajiri. Katika kesi ya Limpus ya mwaka 1862, dereva wa basi la farasi jijini London alikatazwa kwa maandishi asishindane na mabasi mengine wala kuyazuia. Akalizuia moja, likapinduka, na kampuni ikalipa, kwa kuwa kuendesha basi ndiyo kazi aliyopewa, ila aliifanya kwa namna mbaya. Katazo linalomsaidia mwajiri ni lile linaloweka mpaka wa kazi yenyewe. Kwa hiyo usiandike tu kwamba alikatazwa. Andika alikatazwa nini, na uonyeshe kama katazo hilo linagusa namna ya kazi au mpaka wake.

Sasa turudi kwenye boti. Kesi mbili za Uingereza zinapaswa kuwekwa bega kwa bega, maana zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa matokeo. Katika Whatman dhidi ya Pearson, mwaka 1868, mwendeshaji wa mkokoteni wa farasi alikatazwa kwenda nyumbani kula mchana. Akaenda, umbali wa kama robo maili nje ya njia yake, akamwacha farasi bila mtu. Farasi akatoroka na kuvunja uzio. Mwajiri alilipa, kwa kuwa mtu yule alikuwa bado na jukumu la kumtunza farasi na mkokoteni wa kazi mchana huo. Mwaka uliofuata, katika Storey dhidi ya Ashton, dereva aliyekuwa akirudi kutoka kupeleka mvinyo alishawishiwa na karani, saa za kazi zikiwa zimekwisha, akageuka kwenda upande mwingine kwa haja ya karani huyo. Akamgonga mtu, na mwajiri hakulipa. Mahakama iliona kwamba ile ilikuwa safari mpya, isiyohusu kazi hata kidogo.

Kinachopimwa basi ni ukubwa wa kupinda na sababu yake. Nahodha wetu alitakiwa atoke Shela kwenda Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Matondoni iko upande mwingine kabisa wa kisiwa cha Lamu. Hakukuwa na mgeni botini, hakukuwa na mzigo wa hoteli, na hakuna faida yoyote ambayo hoteli ingeipata kutokana na lile gunia. Kwangu mimi hii ni Storey, si Whatman, na nahodha atajibu mwenyewe. Lakini mwanafunzi mzuri ataitaja pia hoja ya mvuvi: zamu ilikuwa haijaisha, na boti bado ilikuwa mikononi mwa nahodha kwa ajili ya ndege ya saa sita. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana Whatman isiachwe nje ya jibu.

Badilisha jambo moja uone. Tuseme gunia limo botini lakini ajali imetokea mbele ya gati ya Manda, akielekea kungojea wageni. Hapo hoteli inalipa. Gunia halikubadilisha safari. Safari ni ile ile ya kazi, pamoja na kwamba amevunja amri. Au tuseme ameshalifikisha gunia na ajali imetokea akirudi. Swali ni kama amekwisha kuirudia kazi. Akiwa bado karibu na Matondoni, ni vigumu kusema amerudi. Akiwa amefika kwenye njia ya kawaida ya Shela na Manda, ni rahisi zaidi.

Kwa atakayeipeleka kesi ya kweli mahakamani Lamu au Malindi: uwashtaki wote wawili, nahodha na hoteli, maana nahodha habebewi kosa hadi likamtoka. Kwenye hati ya madai taja wazi kwamba nahodha alikuwa mfanyakazi wa hoteli na kwamba alikuwa akifanya kazi yake, kisha eleza ni kazi gani. Usipoyaandika hayo, wakili wa hoteli atayashika hayo hayo. Tafuta mapema daftari la safari, risiti za mafuta na ujumbe wa simu kati ya nahodha na mapokezi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonyesha alitumwa wapi. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka 3 tangu siku ya tukio. Na usiazime dhana iliyotajwa katika Karisa dhidi ya Solanki, kwamba anayeendesha gari anachukuliwa kuwa anaendesha kwa niaba ya mwenye gari hadi mwenye gari athibitishe vinginevyo, ukaitupia boti kana kwamba jambo limekwisha. Kesi ile ni ya magari. Ukitaka ifike baharini, itetee kwa hoja, na ulete ushahidi wa safari pamoja nayo.