Gari liko uani, kazi iko ubaoni

"Baba, kwenye simu nina orodha ya mambo kumi na tisa. Mwezi mzima nafuta 'nunua vocha' na 'lipa luku' tu, yale makubwa yamekaa palepale. Siku hizi nikiifungua naifunga. Nakosea wapi?"

Mwanangu Zuhura,

Nimeipata picha ya orodha yako, nimeisoma mara mbili. Mstari wa tatu umeandika "Paa la jikoni". Wa saba, "Cheti cha Salma". Wa kumi na moja, "Kibanda cha kuku". Mama yako alikuwa anachungulia begani kwangu akauliza, "Haya ni mambo ya kufanya au majina ya shida zake?" Hapo akawa amenimalizia nusu ya barua.

Unaukumbuka ule ubao mweusi wa karakana, uliokuwa ukiuchorea samaki ukija likizo? Nilipopewa usimamizi nilikuwa naandika magari juu yake. "Isuzu, inachemsha." "Pikapu ya shambani, breki." Mafundi walikuwa wanne. Asubuhi wanausoma, kisha kila mmoja anakwenda kumwaga oili ya gari fulani. Ile Isuzu ilikaa siku kumi na moja, mwenyewe anapiga simu mpaka naogopa kupokea. Mimi moyoni nikawa nawaita wavivu.

Mwisho nikamuuliza fundi mmoja kijana kwa nini anaikimbia. Akasema, "Mzee, siikimbii. Sijui nianze kushika nini." Tukaenda wote. Silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, ilishafunguliwa, imelala mezani juu ya gunia. Kilichotakiwa ni kuusafisha uso wake, kulaza rula ya chuma juu yake, na kupitisha fila geji chini ya rula, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, ili tujue kama hedi imepinda kwa joto. Haikuzidi nusu saa. Na kabla ya kipimo kile hakuna aliyeweza kujua kinachofuata. Hedi ikiwa imenyooka unanunua gasketi na kufunga. Ikiwa imepinda inakwenda kwa watu wa mashine kuskimiwa, yaani kuchongwa uso unyooke, nayo ni siku nyingine na pesa nyingine.

Kwa hiyo usijisumbue kuandika hatua zote za jambo tangu mwanzo. Nyingi utazibadilisha. Ya kwanza ndiyo lazima iwe wazi.

Tangu wiki ile magari yote yakahamia kwenye daftari la ofisini, na ubaoni nikaacha kazi ambazo spea ipo, kifaa kipo, na fundi akigeuka anaishika. Gari halifanyiki, mwanangu. Kinachofanyika ni kufungua tairi la mbele kushoto na kupima pedi. Wewe umechanganya daftari na ubao kwenye ukurasa mmoja, ndiyo maana mkono wako unakwenda kwenye vocha. Vocha ndiyo kazi pekee iliyoandikwa kama kazi.

Tulichukue paa lako. Hilo ni gari. Litakaa daftarini mpaka siku mvua itanyesha na jikoni kubaki kukavu. Sasa ubaoni uandike nini? Najua utaandika "Mpigie fundi wa paa". Namba yake unayo? Kama huna, hiyo si kazi ya kuanza sasa. Kazi ni "Muulize mama Rehema namba ya fundi aliyemwezekea". Mistari mingi inayogoma huwa ina kazi nyingine ndogo imejificha mbele yake namna hii.

Lakini mimi nisingemwita fundi kabla ya kujua tundu liko wapi, atakubadilishia bati zima. Unatafuta kwa mpira wa maji siku ya jua. Mmoja anapanda, mwingine anabaki jikoni akitazama juu. Unaanza chini karibu na ukingo, unamwagia mahali pamoja dakika chache, kisha unapanda kidogo kidogo kuelekea kileleni. Ukianzia juu, maji yanateremka juu ya kila kitu na hutajua ni tundu lipi lililopitisha. Na usidanganywe na pale tone linapodondokea, maana maji hutambaa chini ya bati na kwenye papi kabla ya kuanguka. Mara nyingi utakuta ni msumari uliopoteza mpira wake. Ukikanyaga, kanyaga kwenye mstari wa misumari, ndipo penye mbao chini.

Hapo nimekwambia mengi, ila hata kumwaga maji bado huwezi kuanza, kwa sababu ngazi huna. Basi mstari wa paa ubaoni kwako leo ni huu: "Mwombe jirani ngazi ya Jumamosi." Ukishaipata unaufuta, unaandika "Mwagia paa maji kwa mpira, Salma akae jikoni". Mstari mmoja unatoka, mmoja unaingia, na paa linabaki daftarini muda wote huo.

Cheti cha Salma ni tofauti kidogo. Ulisema kadi ya kliniki iko kwa shangazi yako na umeshamwomba aitume. Basi kwa sasa huna la kushika. Kama gari linalongoja spea, liondoe ubaoni, uliandike kwenye ukurasa wa kusubiri: nani, kitu gani, na tarehe uliyoomba. Tarehe usiiache. Bila tarehe utamwonea haya shangazi yako wiki tatu ukidhani umemwomba jana. Na jambo lenye siku yake, kama mkutano wa wazazi, linakaa kwenye kalenda tu.

Daftari nalo lina ugonjwa wake: likifungwa, magari yanasahaulika. Mimi kila Jumamosi kabla ya kufunga nilipita uani nalo mkononi, gari moja moja, nikijiuliza hili lina kazi ubaoni, au liko kwenye kusubiri? Likikosa yote mawili, hilo ndilo mwenyewe atakuja kulipigia kelele Jumatatu. Kwako wewe robo saa inatosha. Wiki mbili ukiruka, utaanza tena kuandika "Paa" ubaoni kwa hofu ya kulisahau.

Usikatekate mno pia. Kuna fundi mmoja aliwahi kuniandikia "tafuta spana" mstari wake peke yake. Kama ni dakika mbili, fanya, usiandike.

Halafu kuna mistari ambayo imeandikwa vizuri, ina kitendo, namba ya simu ipo, ngazi ipo, na bado unairuka kila siku. Ikikaa hivyo wiki nzima, kwanza tazama tena kama hakuna kitu kilichojificha mbele yake. Ukiona hakuna, basi ni kwamba hutaki, na hapo ubao hausaidii. Nilikuwa na gari la rafiki yangu aliyekuwa hanilipi. Kila kitu kilikuwepo, nililiandika vizuri sana, halikuguswa. Dawa yake ilikuwa kwenda kumwambia ukweli, nami nilichelewa.

Kibanda cha kuku sikukigusa kwa makusudi. Kama huna nia nacho mwaka huu, kitie ukurasa wa mwisho wa daftari, utakikuta siku nyingine. Ila mama yako anataka kujua kwanza kama hao kuku umeshawanunua.

Baba yako