Stima ikipotea, faili isibaki na baiti 0

Ukifunga kinasa joto cha Arduino kwenye friza ya samaki hapa Mombasa, rekodi yenye thamani kuliko zote ni ile ya dakika stima inapopotea, na ndiyo rahisi zaidi kupotea. Mwenye duka mmoja wa Mji wa Kale aliniita nimwangalizie kinasa alichowekewa na fundi mwingine. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu," akaniambia. "Stima ilikatika saa ngapi, na iliporudi samaki walikuwa nyuzi ngapi?" Nikachomeka kadi ya SD kwenye kompyuta. Jina la faili lipo, ukubwa ni baiti 0, lakini nafasi kwenye kadi imepungua.

Ukiziona dalili hizo mbili pamoja, usiilaumu kadi. Kadi huandikwa kwa sekta za baiti 512. Kinasa kile kilikuwa kikiandika mstari wa baiti 32 kila sekunde 10, kwa hiyo sekta moja hujaa kwa mistari 16, yaani sekunde 160. Kabla haijajaa, mistari hiyo imo kwenye RAM tu. Ikijaa hupelekwa kadini, ila ukubwa wa faili huandikwa kwingine, kwenye orodha ya majina ya faili, na hapo haubadiliki mpaka programu iite `sync()` ya maktaba ya SdFat, au `close()`. (Kwenye maktaba ya kawaida ya SD ya Arduino ni `flush()`.) Data imo, lakini kompyuta inaambiwa faili ni tupu. Nakili kadi nzima kwanza, sekta kwa sekta, kisha jaribu `chkdsk X: /f` kwenye ile nakala, ukiweka herufi ya nakala badala ya X. Mara nyingi vipande hurudi kwa majina kama `FILE0000.CHK`.

Dawa ya kwanza basi ni kuita `sync()` kila dakika moja. Usiite kila usomaji kama unasoma mara mia kwa sekunde, kwa sababu kila mara sekta ya data na ile ya orodha huandikwa upya, na kadi inachoka bure. Fungua pia faili mpya kila siku, ili ikiharibika moja, za nyuma zibaki salama.

Hiyo haitoshi. Umeme ukikatika kadi ikiwa katikati ya kuandika, hata data ya zamani inaweza kuharibika, maana ndani yake kadi huhamisha vipande vikubwa kuliko ile sekta uliyoituma. Ikiwa na shughuli, kadi hushikilia chini laini ya MISO, ile inayopeleka majibu yake kwa Arduino, na hali hiyo yaweza kufika milisekunde 250. Ni lazima kadi ipate muda wa kumaliza.

Mimi hutumia adapta ya volti 12, kisha daiodi, kisha kapasita, ndipo regyuleta ya 7805 inayotoa volti 5. Kabla ya daiodi naweka vizuizi vya kilo-omu 30 na 10, ili pini A0 ya Arduino ipate robo ya volti za adapta. Zikishuka chini ya 11, najua stima imekwenda. Wakati huo kapasita ina volti kama 10.3, na 7805 inahitaji 7 hivi, kwa hiyo nina volti 3.3 za kutumia. Kapasita tatu za mikrofaradi 4700 ni 14,100. Saketi ikila miliampia 100, muda ni 0.0141 × 3.3 ÷ 0.1, yaani sekunde 0.46. Kapasita zikiwa pungufu kwa asilimia 20, bado unabaki na 0.37.

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Kihisi cha DS18B20 kwa biti 12 huchukua hadi milisekunde 750 kupima, na maktaba ya DallasTemperature husubiri papo hapo mpaka kimalize. Stima ikikatika katikati ya kusubiri huko, kapasita zimeisha kabla programu haijaangalia A0. Weka `setWaitForConversion(false)`, omba kipimo, endelea kuzunguka, urudi kukichukua baadaye.

```cpp
if (analogRead(A0) < 563) {  // 563 ni volti 11 za adapta
  faili.print(F("#STIMA,"));
  faili.println(rtc.now().unixtime());
  faili.close();
  ngojaStima();
}
```

Saa ni DS3231 yenye betri yake, la sivyo huo mstari hauna maana. Kazi ya `ngojaStima()`, ambayo huitwa pia mwanzoni mwa `setup()`, ni kukaa bila kugusa kadi mpaka volti zibaki juu ya 11 kwa sekunde 10 mfululizo, kwa sababu stima yetu hurudi ikakatika tena mara mbili tatu kabla haijatulia. Ikitulia, fungua faili mpya na uandike joto mara moja: hapo mwenye duka anapata majibu yake yote mawili.

Kabla hujakiacha dukani, chomoa adapta ukutani mara nyingi, kwa nyakati tofauti, kisha soma kadi. Kila faili iishie na mstari wa `#STIMA`. Ukikuta isiyo nao, pima miliampia kadi inapoandika. Huenda inakula zaidi ya ulivyopiga hesabu, na itabidi uongeze kapasita.